Mbabarira ya Kipimo cha Tisa

Bazilio Niyonkuru alikuwa fundi simu na redio pale Kibondo, kibanda chake kikitazamana na duka la Hashimu, na sifa iliyomlisha ni moja: haachi kosa nyuma yake. Ukimpelekea redio inayokoroma, atafungua, atafuata waya mmoja mmoja, na akikuta mahali palipolegea atakaa hapo hapo mpaka pakazike. Hata ukimwambia una haraka, basi linaondoka, mgonjwa anasubiri simu, yeye atakuangalia kwa upole na kukuuliza kama unataka redio au unataka kelele. Watu walimlalamikia, na walirudi.

Upigaji kinanda aliupata kwa njia hiyo hiyo ya ufundi. Miaka kumi na moja iliyopita panya waliingia ndani ya kinanda cha parokia wakatafuna chini ya vitufe, na vitufe vitatu vya katikati vikafa. Kinanda kikapelekwa kibandani. Bazilio alikitengeneza kwa siku moja, lakini fundi mwaminifu hurudisha kitu baada ya kukijaribu, naye alikijaribu kwa wiki tano. Alipokirudisha alikuwa anajua nyimbo sita. Mpiga kinanda wa wakati ule alikuwa amehamishiwa Tabora na kazi yake ya afya, kiti kikawa wazi, na mtu pekee aliyejua kitufe kipi kinakwama na kipi hakikwami alikuwa Bazilio. Akakaa. Tangu hapo wateja wakimwita fundi aliitika, lakini wakimwita mpiga kinanda aliitika haraka zaidi.

Nota alizisoma. Alijifunza mwenyewe kwa kitabu kidogo, na alizijua kama mtu anavyojua kusoma cheti cha daktari: herufi moja, pumzi moja, kisha herufi nyingine. Wimbo mpya ulimchukua wiki mbili. Akiukosea mahali, alisimama, akasema "mbabarira," akarudi nyuma kipimo kimoja, kile kifungu kidogo cha mapigo machache, akapapiga sawasawa, akaendelea. Mbabarira ni nisamehe, kwa Kiha na kwa Kirundi pia, na mama yake Bazilio, aliyevuka mpaka mwaka sabini na mbili akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, alimlea akimfundisha kwamba mtu aliyekosea mbele ya watu hapiti bila kulisema neno hilo. Kwaya ilizoea. Wakisikia mbabarira walinyamaza, wakapumua, wakangoja. Wengine walisema ndipo walipopata nafasi ya kumeza mate.

Jambo hilo lingebaki la ndani kama si simu. Kwaresima moja mtu fulani alirekodi wimbo wa toba, na kwenye kipimo cha tisa Bazilio aligusa kitufe cha jirani. Akasimama, akasema neno lake, kwaya ikangoja, wakaendelea. Rekodi ikatumwa Mabamba, kule mpakani, kwa kwaya ya kigango isiyokuwa na kinanda wala karatasi. Wao walijifunza kwa sikio, na walijifunza vizuri. Mwaka uliofuata walikuja Kibondo kuuimba, na walipofika kipimo cha tisa sauti zote zikakatika kwa pamoja, kisha soprano, tenori na besi wakatoa kwa upatanifu, polepole, "mbabariraaa," wakanyamaza mapigo mawili, wakaendelea. Paroko aliwasifu. Alisema mtunzi alifanya jambo la hekima kuweka neno la kwao katikati ya wimbo wa Kiswahili. Bazilio aliangalia vidole vyake, na hakuna aliyemwangalia kwa muda mrefu kama Hashimu alivyomwangalia kesho yake aliposimuliwa.

"Kwa hiyo wewe sasa ni mtunzi," Hashimu alimwambia kutoka kwenye kizingiti cha duka lake.

"Nyamaza, jirani."

"Mimi ni Mwislamu, sijui mambo yenu. Nauliza tu kama ukikohoa nako wataandika."

Basi mwaka huu mambo yalibadilika. Padre Venanti wa Kasulu, aliyekabidhiwa muziki wa ibada kwa parokia za ukanda wote ule, alianza kutuma nyimbo mpya kwa picha ya simu siku ya Jumamosi ili ziimbwe Jumapili. Kwaya zenye walimu zilimudu. Kibondo haikumudu, kwa sababu Bazilio alihitaji wiki mbili na Jumamosi ina saa ishirini na nne. Mara tatu mfululizo waliimba bila kinanda, na mpiga kinanda akakaa kitini mikono mapajani kama mgeni wa harusi. Na mwaka huo huo alihamia Kibondo mwalimu wa sekondari aitwaye Melkiadi, kijana wa miaka thelathini, shati limenyooka, aliyesoma seminari miaka minne na kupiga ogani huko. Melkiadi hakuomba kiti. Alikuja tu mazoezini akasimama nyuma, na mwenyekiti wa kwaya akaanza kugeuka kumtazama kila mbabarira ilipotamkwa.

Uamuzi ulifika kwa barua. Wapiga kinanda wote wangekwenda Kasulu, baada ya wiki sita, kupimwa kusoma nota papo kwa papo: unapewa ukurasa hujawahi kuuona, unautazama nusu dakika, unapiga huku waimbaji wanane wanaimba. Waimbaji wamekuwa nao tangu Jumatatu. Hawatakungoja. Parokia yenye wapigaji wawili ipeleke wote wawili, na atakayefaulu zaidi ndiye atakayekaa kitini.

Mwenyekiti alimpa Bazilio habari hizo kwa lugha laini. Alimwambia asiwe na wasiwasi, vyovyote itakavyokuwa parokia itaendelea kumhitaji, maana kinanda kile kinaharibika mara kwa mara.

Hilo ndilo lililomchoma. Bazilio alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu hii aliipiga upesi: akishindwa, miaka kumi na moja inafutika, naye ataitwa kanisani kinanda kikifa tu, kama anavyoitwa mtu wa kuzibua choo.

Pale mtaani alikuwapo mama mmoja, Theodosia, aliyepiga kinanda Kasulu miaka ishirini na sita mpaka goti lilipomkataa, akarudi Kibondo kukaa na binti yake. Watu walimjua kwa ukali na kwa redio. Redio yake ilisikika ikisoma matangazo ya vifo hadi nyumba ya tatu. Mwezi ule ilikuwa imenyamaza, na ilikuwa kwenye meza ya Bazilio. Ugonjwa wake ulikuwa waya mmoja wa spika, kazi ya dakika tano. Bazilio alikwenda kumwambia kwamba ni ugonjwa mgumu, utachukua kama wiki sita, na kwamba akipenda, badala ya malipo, angeweza kumwelekeza kidogo mambo ya kusoma nota.

Theodosia alikuwa anachambua majani ya muhogo. Hakuinua macho.

"Ugonjwa wa wiki sita," alisema, "na mtihani wa Kasulu uko wiki sita. Redio yangu imejua kusoma kalenda."

Bazilio akasema mbabarira.

"Na hilo neno ndilo tutakaloanza nalo. Redio irudi kesho inaongea. Antena baki nayo wewe, iwe rehani, nisije nikakufukuza kabla ya wiki sita. Bila antena nitapata stesheni moja, inanitosha. Sawa?"

Walikubaliana. Bazilio aliondoka akijua ameshindwa mapatano, lakini hakuona ameshindwa wapi.

Siku ya kwanza alibeba kinanda cha parokia kwa baiskeli, akakifunga kwa mpira, akatarajia kuketi. Theodosia alimpa mchi. Binti yake alikuwa tayari kwenye kinu, anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, na Bazilio akaamriwa aingie kutoka upande wa pili, wapokezane, michi miwili kinu kimoja. Mwanamume kutwanga hadharani Kibondo si jambo la kufichika. Hashimu alifunga duka kwa dakika kumi akaja kusimama uani.

Bazilio alitwanga vizuri mara nane. Mara ya tisa mchi uligonga ukingo wa kinu, akasita, akafungua mdomo kusema neno lake, na mchi wa binti ukashuka ukapita kando ya kidole chake gumba kwa upana wa njiti ya kiberiti.

"Hapo ungesema mbabarira kwa mkono upi?" Theodosia aliuliza.

Akamweleza jambo lenyewe. Ukigonga ukingo, umegonga ukingo. Mwenzako hajui na hana haja ya kujua. Mchi wake uko njiani. Wewe inua wako kwa zamu yake, ushuke kwa zamu yake. Majani yaliyoruka yameruka. Waimbaji nao ndivyo walivyo, na kosa unaloweza kulimaliza kwa pigo moja, ukisimama kuliomba radhi unalifanya la mapigo saba. Alitwangishwa robo saa kila siku kabla ya kugusa kitufe, mpaka mwili ukajua zamu bila kuuliza kichwa, na kinandani alitakiwa kupiga kisigino chini kwa mwendo ule ule.

Kisha Theodosia akafungua sanduku la bati. Ndani kulikuwa na nota za miaka ishirini na sita, zimeliwa na mende pembeni. Alitoa ukurasa mmoja, mwepesi kuliko nyimbo ambazo Bazilio alikuwa anazipiga kanisani, na Bazilio akaona amedharauliwa kidogo. Akaambiwa asiguse kwanza. Atazame. Do iko wapi. Kuna shapu za kupandisha au flati za kushusha ngapi pale mwanzoni. Mapigo mangapi kwa kipimo. Kipimo kigumu kiko wapi, chenye nota nyingi au alama za kupandisha na kushusha zilizoingia njiani. Akikiona kile kigumu, akipige kichwani, kisha achague mwendo utakaomvusha pale, aanze nao tangu kipimo cha kwanza.

"Wewe unaanza mbio kwa sababu mwanzo ni tambarare," Theodosia alimwambia. "Umeona watu wa baiskeli wakitoka Mabamba na ndizi? Anayejua mlima uko mbele haondoki mbio."

Alipopiga, Theodosia alisimama nyuma yake na kipande cha boksi la biskuti mkononi. Bazilio akianza kipimo, kipande kinakifunika. Jicho lilipotaka kubaki kwenye kile kinachopigwa halikukuta kitu. Likalazimika kwenda mbele. Siku za kwanza alihisi kama mtu anayenyang'anywa sahani. Alisimama, akalalamika, akasema nota ile ya pili ya besi hakuiona vizuri. Akajibiwa kwamba imekwenda, na kwamba mkono upige kilichokwisha kusomwa, muda huo macho yakisoma kitakachopigwa, na akishindwa yote ashike pigo la kwanza la kila kipimo na besi yake, mengine ayaache yaanguke.

Lililomuumiza zaidi ni kwamba akimaliza ukurasa mara moja, au mbili ikizidi, unarudi sandukuni. Hakuruhusiwa kuurekebisha. Alijua kabisa kosa liko wapi, kipimo cha kumi na nne, mkono wa kushoto, dakika mbili zingetosha.

"Nirudie hapo tu, mama."

"Ukirudia utakuwa unaujua. Mimi sitaki uujue. Kesho mwingine."

Alikwenda nyumbani na makosa ya siku nzima hayajatengenezwa, na fundi anayelala na makosa hayajatengenezwa halali. Hata kibandani yalimwingilia. Wiki ya tatu mteja mmoja alilalamika kwamba simu yake imerudishwa bila skrubu moja. Bazilio alimjibu bila kufikiri kwamba iliyopita imepita. Ilibidi Hashimu aingilie kati.

Vidole vilitii na kisigino kikatii. Mdomo ndio uliokataa. Kila akigusa pasipo pake neno lilitoka lenyewe, na likitoka, mikono ilisimama kulisikiliza. Theodosia alijaribu kumkemea, akajaribu kumzomea, mwishowe akamletea kikombe cha maji, akamwambia achote funda moja asimeze wala asiteme mpaka mwisho wa ukurasa. Kosa la kwanza likaja: shavu lilivimba, macho yakatoka, neno likakosa mlango, na mikono, kwa kukosa cha kungoja, ikaendelea. Alifika mwisho bila kusimama kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Makosa kumi na moja, na wimbo mzima.

Wiki zile mbili za mwisho alipiga kurasa mpya nne kwa siku na mdomo wa maji. Makosa yalishuka yakawa sita, yakawa matano. Theodosia alimwambia yatosha, lakini asijidanganye: bila maji yeye ni yule yule.

Siku ya Kasulu walikwenda basi moja, Bazilio na Melkiadi, kiti kimoja. Melkiadi alimwita "fundi" kwa heshima ya kweli, akamgawia karanga, akamwambia kwamba yeye binafsi asingependa mambo yawe hivi. Bazilio alimjibu kwa upole ule ule, akala karanga, akashika chupa yake ya maji vizuri.

Melkiadi aliitwa kwanza. Bazilio alingojeshwa jikoni, mbali, asisikie. Alivyopiga mwenzake alisimuliwa baadaye: mikono ya seminari, sauti safi, na nota mbili tu zilizokosewa. Lakini Melkiadi alikuwa mtu msafi. Nota ya kwanza iliyokosewa alisimama akairudia, soprano wakaendelea, besi wakamngoja, wakawa vikundi viwili. Aliwakuta karibu na mstari wa tatu, akakosea tena, akasimama tena. Mara ya tatu alisimama bila kukosea, kwa wasiwasi kwamba amekosea. Alipomaliza, waimbaji walikuwa wamemaliza.

Bazilio alipoingia alimkuta Melkiadi ameketi benchi la mbele, shati limelowa mgongoni. Padre Venanti, mtu mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, alimkabidhi ukurasa na kuangalia saa. Bazilio akajaza mdomo maji ya chupa yake.

Alitazama. Flati tatu. Mapigo matatu kwa kipimo, vipimo thelathini na viwili, mistari minne. Mstari wa tatu ulikuwa umejaa alama kama uji ulioingiwa na sisimizi: flati zinafutwa, zinarudi, besi inashuka hatua ndogo ndogo. Huo ndio mlima. Akaupiga kichwani polepole, akapata mwendo wake, akaushusha mpaka kisigino.

"Uko tayari?" Padre aliuliza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Taja jina kwanza."

Bazilio alimwangalia. Akaonyesha kwa kidole jina lake kwenye orodha. Padre akaandika kitu, labda kwamba mtu huyu ana kiburi, na Bazilio akahesabu kipimo kimoja kitupu kwa kutikisa kichwa mara tatu, akaingia.

Mstari wa kwanza alikosea mara moja. Shavu likavimba, wakapita. Wa pili alikosea mara mbili, akaacha sauti ya kati iende zake, akashika besi. Macho yake yalikuwa kipimo kimoja mbele. Kisigino kilikuwa kinapiga vizuri sana, tena kwa nguvu, maana mlima ulikuwa unakaribia, na katika pigo la kwanza la mstari wa tatu kisigino kikashuka juu ya waya wa umeme, plagi ikachomoka kwenye soketi ya sakafuni, na kinanda kikafa.

Hakuna mtu ukumbini aliyeelewa kilichotokea isipokuwa fundi. Yeye aliiona ile plagi, robo mita kutoka mguu wake, imelala ubavu. Kosa la sekunde mbili. Kila kitu ndani yake, miaka yote ya kufuata waya mpaka palipolegea, kilimwambia ainame. Na kama asingeinama yeye basi aseme, neno moja tu, waya, watu wachomeke. Lakini mdomo ulikuwa umejaa maji. Na waimbaji walikuwa wanaimba. Mchi wao ulikuwa njiani.

Akaendelea kupiga kinanda kilichokufa. Kisigino alikisogeza kando kikaendelea pale. Vidole vilishuka na kupanda kwenye vitufe visivyosema kitu, flati zikafutwa, zikarudi, besi ikashuka hatua ndogo ndogo katika ukimya kamili, na waimbaji wanane, kwa kuona kichwa chake kinatikisika na mikono haijasita, wakaimba. Mtu wa nje angeona mwanamume aliyevimba mashavu anakanda unga hewani.

Aliyeona plagi wa pili ni Melkiadi. Alifuata macho ya Bazilio yalipotupwa chini mara moja na kurudi kwenye karatasi, naye alikuwa mtu asiyeweza kuacha kitu kikiwa kimekosewa. Akapiga magoti na shati lake, akachomeka.

Kinanda kile kilikuwa na kitufe cha kuwashia cha zamani, kinachobonyezwa kikabaki ndani. Umeme ukirudi kinaamka chenyewe. Kikahesabu sekunde zake, kikaamka katikati ya kipimo cha ishirini na sita, pigo la pili, na kikakuta vidole viko pigo la pili la kipimo cha ishirini na sita, pamoja na waimbaji. Sauti tu ndiyo iliyokuwa si ile: sauti ya ogani iliyokuwa imechaguliwa ilikuwa imesahaulika, kikaamka na ya piano. Bazilio hakubadilisha. Alimaliza na piano, kosa moja zaidi, na nota ya mwisho aliishika mapigo yake yote matatu.

Padre Venanti alibadilisha miwani.

"Kilipozimika, kwa nini hukusimama?"

Bazilio akameza. Yalikuwa maji mengi, ilichukua muda, na Padre alidhani anatafakari. Njia ilipofunguka, neno la kwanza lililokuwa limesubiri mlangoni tangu mstari wa kwanza likatoka.

"Mbabarira, Padre."

Padre Venanti alikuwa Muha wa Buhigwe. Alicheka mpaka miwani ya kichwani ikadondoka, akasema huu ndio unyenyekevu unaotakiwa kwa mpiga kinanda. Akahesabu mbele ya wote: Melkiadi nota mbili zilizokosewa, na mara tatu ameipoteza kwaya. Bazilio nota nne, na kwaya haijapotea hata mara moja, hata kinanda kilipopotea. Kiti cha Kibondo kibaki kwa Bazilio.

Melkiadi alimpa mkono. Kwenye basi la kurudi walipokaribia Kibondo, aliuliza taratibu yale maji ni dawa gani.

Jioni ile Bazilio alimpelekea Theodosia antena. Mama aliipachika, akazungusha, stesheni zikaja kwa wingi, akaipunguza kidogo ili asikie.

"Mstari wa tatu uliupigaje? Venanti lazima ameweka mtego mstari wa tatu. Nilimfundisha mimi."

"Niliupiga wote, mama."

"Makosa mangapi?"

Bazilio alijua kuwa alikosea karibu kila kipimo, besi ya hatua ndogo ilimteleza mwanzo mpaka mwisho, na mkono wa kuume ulikuwa unabahatisha. Kama kinanda kingesikika, hesabu ya Padre ingefika kumi na kitu.

"Hakuna aliyehesabu," akasema. "Umeme ulikatika."

Theodosia alimwangalia kwa muda ambao redio ilimaliza matangazo mawili ya vifo. Kisha akasema ni vizuri, kesho aje na mwenzake yule mwenye shati, michi iko miwili.

Hakuwa anatania. Kesho yake Hashimu alifunga tena duka kwa dakika kumi, safari hii kumwona mwalimu wa sekondari akitwanga sombe, na akakiri kwamba dini hii ya jirani zake ina mambo.

Kwaresima kwaya ya Mabamba ilikuja tena na wimbo wake wa toba, wakaomba wapigiwe kinanda. Kwenye simu walikuwa na rekodi ile ile. Bazilio alijua vipimo vyote. Angeweza kusimama mbele yao kabla ya misa na kuwaeleza kwamba neno lile si la mtunzi, ni la fundi aliyegusa kitufe cha jirani, na kazi ingekuwa ya dakika tano. Aliwatazama wamepanga mistari, wamevaa sare mpya, besi wamejiandaa kwa ajili ya pale.

Akahesabu kipimo kimoja kitupu, akaingia. Kipimo cha tisa wakasimama wote wakaimba mbabarira kwa sauti tatu, na yeye, kisigino kikiendelea, akawawekea chini yake sauti nzuri za kinanda zilizoshikana, za mapigo mawili, akawavusha.